Misimbo ya Meseji ni Mali ya Laini, Siyo Mali Yako

Kampasi tupo, mitihani ya katikati ya muhula ndo hiyo imetuandama, na bando kama kawaida linakata siku mbili kabla ya wiki kuisha. Leo sileti stori za kantini. Nina hoja moja naomba mniazime masikio, halafu mnipinge mkiweza.

Hoja yenyewe ni hii: zile tarakimu sita unazotumiwa kwa meseji ukitaka kuingia kwenye akaunti yako, wengi wetu tunaziona ndo ulinzi wa mwisho. Mimi nasema ni mlango dhaifu, na ukiweza kuuacha uuache, uhamie kwenye tarakimu zinazotengenezwa na programu ndani ya simu yako. Lakini usihamishe kila kitu kwa siku moja, utachoka na utaacha katikati. Kuna akaunti ya kuanza nayo, na kwa watu wengi siyo ile wanayoifikiria. (Tarakimu hizo nitaziita misimbo, maana nikisema "kodi" mtadhani naongelea TRA.)

Tuanze na meseji. Akaunti inapokutumia msimbo kwa meseji, haikutumii wewe. Inatuma kwa namba ya simu. Mtandao wa simu nao haukujui wewe, unaijua laini iliyoandikishwa kwa namba hiyo. Meseji itakwenda pale laini ilipo, awe ameishika nani. Kwa hiyo swali la usalama linahama. Siyo tena "nani anajua paswedi yangu?" bali "nani anaweza kuishika laini yangu, hata kwa dakika tano?" Ukikaa ukafikiria, jibu lake linatisha, hasa kwa sisi wa hosteli.

Njia ya kwanza ya kuishika laini yako ni ya kishamba kabisa. Simu iko kwenye soketi inachaji, wewe umeenda kuoga. Simu imefungwa kwa alama ya kidole, sawa. Lakini laini inachomoka kwa pini ya hereni. Mtu anaitia kwenye kisimu chake cha tochi, anaomba msimbo, unaingia kwake, anairudisha laini mahali pake kabla hujamaliza kujipaka mafuta. Wakati mwingine hata kuchomoa hakuna haja, maana simu nyingi zinaonyesha maneno ya meseji juu ya kioo kilichofungwa.

Njia ya pili ni ya kimya kimya, na nadhani ndiyo inayotuhusu wanafunzi kuliko watu wote. Sisi tunahama laini kama tunavyohama viti vya lekcha. Mtandao huu umeleta bando la chuo, tunanunua laini. Mwaka wa pili ule mwingine umeshusha bei, tunahamia, ile ya kwanza inabaki kwenye kopo la penseli. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa, na namba yake baadaye huuzwa kwa mtu mwingine. Huyo mtu hajakuibia chochote, kainunua kihalali kabisa. Lakini kama akaunti yako bado inaijua namba ile, misimbo yako sasa inalia kwenye simu yake. Siku akijaribu kufungua akaunti mpya kwa namba hiyo, anaweza kukuta anakaribishwa kwenye ya kwako.

Njia ya tatu ndo ile ya kuswapu laini: tapeli anakwenda kwa wakala au dukani, anajifanya ni wewe, anasema simu imepotea, anaomba laini mpya yenye namba ileile. Akipewa, laini yako inakufa mfukoni na ya kwake inaamka. Hapa mtaniambia, "Sasa si tulisajili laini kwa alama za vidole?" Ni kweli, Tanzania tulianza usajili huo mwaka 2019, na Januari 2020 laini ambazo hazijasajiliwa zikaanza kuzimwa. Umesaidia, sikatai. Lakini kidole kinathibitisha aliyekuja kusajili, hakimzuii mhudumu mwenyewe kushirikiana na tapeli, wala hakimzuii mtu aliyekuombea "weka kidole tena, haijasoma" kusajili laini ya pili kwa jina lako. Piga *106# uangalie ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta namba usiyoijua, nenda kwenye duka la mtandao husika ikafutwe.

Msidhani kuswapu ni tatizo la kwetu tu. Mfano ninaoupenda umetoka Marekani, na naupenda kwa sababu kesi yake ilikwenda mahakamani hivyo hatua zake zote zinajulikana. Tarehe 9 Januari 2024, ukurasa wa X wa tume ya serikali ya Marekani inayosimamia masoko ya hisa, yaani SEC, ulitangaza kwamba tume imeruhusu aina fulani ya uwekezaji wa bitikoini. Bei ya bitikoini ikapanda zaidi ya dola 1,000. Muda mfupi baadaye tume ikasema siyo sisi tuliotangaza, bei ikaporomoka zaidi ya dola 2,000.

Ilikuwaje? Kijana mmoja alitumiwa na wenzake taarifa za mtu ambaye namba yake ya simu ilikuwa imeunganishwa na ukurasa ule. Akachapisha kitambulisho bandia kwa mashine yake. Akaingia kwenye duka la kampuni ya simu huko Huntsville, Alabama, akasema simu yake imeharibika, anahitaji laini mpya. Akapewa. Akaenda akanunua simu mpya, akaitia laini, misimbo ya ukurasa wa tume ikaingia, akawapelekea wenzake. Halafu akairudisha simu dukani kudai hela yake! Mei 2025 alihukumiwa kifungo cha miezi 14.

Angalieni kitu kimoja hapo. Hakuna kompyuta iliyovunjwa. Hakuna paswedi iliyokisiwa. Na zaidi ya hapo, ukurasa ule haukuwa na uthibitisho wa hatua mbili kabisa wakati huo, ulikuwa umezimwa tangu Julai 2023. Namba ya simu peke yake, iliyowekwa kwa ajili ya kurejesha paswedi, ilitosha. Shikeni hiyo, nitairudia.

Sasa misimbo ya programu ina tofauti gani? Siku unapoiunganisha, akaunti inakupa siri ndefu, ndiyo ile picha ya madoa meusi unayoipiga kwa kamera. Siri hiyo inakaa sehemu mbili: kwao na ndani ya simu yako. Baada ya hapo hakuna kinachotumwa tena. Simu inachukua saa, inaichanganya na siri, inatoa tarakimu sita. Wao nao wanafanya hesabu ileile upande wao. Majibu yakifanana, unapita.

Wanafunzi wa hisabati hii mtaipenda. Saa inayotumika ni idadi ya sekunde tangu mwanzo wa tarehe 1 Januari 1970 kwa saa za Greenwich. Chukua tarehe 15 Januari 2027, saa 5 kamili asubuhi kwa saa za kwetu. Sekunde zinakuwa 1,800,000,000 juu ya alama. Gawanya kwa 30, unapata 60,000,000. Hiyo ndo namba inayochanganywa na siri yako. Kwa sekunde 30 zinazofuata jibu la mgawanyo, ukiacha desimali, ni hilohilo, na msimbo ni uleule. Halafu inakuwa 60,000,001 na msimbo unabadilika wote. Mtu anaweza kuijua saa, kila mtu anayo. Bila ile siri hana kitu.

Kwa hiyo akichomoa laini yako, hapati msimbo. Akiiswapu, hapati. Namba ikiuzwa kwa mwingine, hapati. Na raha ya ziada kwa mwanafunzi: programu haihitaji bando wala mtandao. Hata ukiwa kwenye ule ukumbi wa lekcha ambao simu zote zinasoma sifuri, msimbo unatoka.

Kinachoweza kuharibika ni saa. Ukiandika tarakimu sahihi kabisa na kila mara unaambiwa siyo, usianze kulaumu programu. Angalia kama simu yako umeiwekea saa kwa mkono na imekwenda mbele dakika kadhaa. Rudisha saa ya kujiweka yenyewe, tatizo limekwisha.

Sasa tuje kwenye swali la wapi pa kuanzia. Wengi mtasema Instagram, au ukurasa unaouzia vitenge na mafuta ya nazi. Mimi nawaomba mchukue karatasi na kalamu. Andika majina ya akaunti zako zote, kila moja kwenye duara lake. Ongeza duara moja la "laini". Halafu kwa kila akaunti jiulize: nikibonyeza "Forgot password?" wananirejeshea wapi? Chora mshale kuelekea huko. Instagram inaelekea barua pepe. Ukurasa wa matokeo wa chuo, barua pepe. Akaunti ulikohifadhi rasimu ya utafiti wako, barua pepe. Ukimaliza utaona mishale karibu yote imeangukia kwenye maduara mawili: barua pepe na laini. Hiyo ndiyo ramani ya mwizi. Haitaji kuzivunja akaunti kumi, anataka lile duara lenye mishale mingi.

Kwa hiyo ya kwanza ni barua pepe. Kwenye akaunti ya Google ingia sehemu ya usalama, fungua "2-Step Verification", kisha "Authenticator". Tangu Mei 2024 Google hawakulazimishi kuanza kwa kuweka namba ya simu. Kama simu ni moja tu na huwezi kupiga picha kioo chako mwenyewe, bonyeza "Can't scan it?" watakupa ile siri kwa maandishi. Inakili, ibandike kwenye programu ya misimbo, kisha andika tarakimu sita kuthibitisha. Programu zipo nyingi za bure, Google Authenticator na Aegis ni mbili kati yake.

Kabla hujasimama, fungua "Backup codes". Watakupa misimbo 10 ya akiba, kila mmoja unatumika mara moja tu. Iandike kwenye karatasi, ikae na vyeti vyako nyumbani, siyo kwenye picha ndani ya simu ileile. Hapa ndo penye kilio cha kweli cha programu hizi. Laini ikipotea unairudisha dukani, lakini simu ikiibiwa kwenye daladala siri inaondoka nayo. Kuna programu zinazohifadhi nakala ya siri kwenye akaunti ya Google, ni vizuri, ila fikiria: nakala imo ndani ya akaunti ambayo inakudai msimbo ili uingie, na msimbo umo ndani ya nakala. Ni sawa na kufungia ufunguo ndani ya kabati lake. Karatasi ndo inayokutoa hapo.

Kisha ile hatua ambayo watu huiruka, na bila hiyo kazi yote ni bure. Rudi kwenye orodha ya njia za hatua ya pili uone kama namba yako ya simu bado ipo. Ikiwepo, tapeli atabonyeza "Try another way", atachagua meseji, na programu yako itabaki kutazama tu. Mlango wa chuma hauna maana kama dirisha liko wazi. Ondoa namba hapo. Halafu angalia pia "Recovery phone", maana ni kitu tofauti, na ndo dirisha la aina ileile walilopitia kwenye ukurasa wa SEC. Kama namba iliyopo ni ya ile laini iliyo kwenye kopo la penseli, itoe leo hii. Kwenye "Recovery email" unaweza kuweka ya kaka au dada unayemwamini, ilimradi na yeye aliilinda ya kwake.

Ya pili ni WhatsApp, na hapa niseme ukweli: kujisajili kwake kunategemea namba ya simu, huwezi kuhamishia misimbo hiyo kwenye programu. Dawa iliyopo ni PIN yako mwenyewe ya tarakimu sita, inapatikana "Settings", "Account", "Two-step verification". Ukiiweka, mwenye laini yako hata akipata msimbo wa meseji, ataulizwa PIN, na asipoijua hapiti hapo. Naiweka ya pili kwa sababu huko ndiko wanakotumia jina lako kuwaambia mama na wajomba "ile hela nitumie kwenye namba hii", na mama hatauliza maana picha ni yako.

Ya tatu ni mitandao unayotafutia riziki au jina: Instagram, Facebook, X na wenzake. Kote kuna sehemu ya kuchagua programu ya misimbo badala ya meseji. X wao tangu Machi 2023 misimbo ya meseji ni kwa wanaolipia tu, ya programu ni bure, kwa hiyo huko hata kisingizio huna.

Zinabaki hela za kwenye simu. Hizo zimefungwa kwenye laini yenyewe, programu ya misimbo haikusaidii. Hapo linda laini: kwenye mipangilio ya simu washa PIN ya laini, ili ikitiwa kwenye simu nyingine idai namba kwanza. Uliza mtandao wako PIN ya kuanzia ni ipi, usikisie, maana ukikosea mara 3 laini inajifunga mpaka upate PUK. Na PIN ya hela isifanane na hiyo, wala isiwe mwaka wako wa kuzaliwa ambao kila mtu anauona kwenye status siku ya keki.

Najua kuna mtu atasema, "Mbona matapeli wanaweza kuniomba hata msimbo wa programu?" Ni kweli kabisa. Ukimsomea mtu tarakimu kwenye simu, au ukiziandika kwenye ukurasa bandia unaofanana na wa kweli, zimekwenda, na anazitumia kabla ya sekunde 30 kuisha. Programu inaziba tundu la laini, haizibi tundu la mdomo. Na mwenye kusema "meseji ni afadhali kuliko kutokuwa na kitu", nakubaliana naye. Kama akaunti fulani inatoa meseji tu, iwashe hivyohivyo. Hoja yangu ni kwamba palipo na programu, kubaki na meseji ni uvivu tu.

Dalili moja ya kuondoka nayo: simu yako ikisoma hakuna mtandao ghafla, na jirani wa mtandao uleule anapiga simu vizuri, zima uwashe mara moja. Isiporudi, usisubiri kesho. Azima simu, wapigie huduma kwa wateja waulize kama laini yako imebadilishwa, waifunge. Wakati huo huo ingia barua pepe kwa waifai ya maktaba, badilisha paswedi, na uwatoe wote walioingia usiowajua. Hapo dakika zina thamani.

Haya, kachoreni mishale yenu. Ukikuta mshale unaoelekea kwenye laini usiyokuwa nayo tena, anza na huo kabla hata ya kula. Mwenye swali aniulize hapa chini au anikute maktaba ghorofa ya kwanza, saa za jioni huwa nipo. Tuko pamoja.